Mkeka wa timu kumi: jinsi tangazo la kubeti linavyomnasa kijana

Mzungumzaji aliyealikwa na kikundi cha vijana huko Mbagala alipewa nusu saa, na karibu yote aliitumia kuzungumzia matangazo. Waliomwalika walitarajia aeleze alivyofilisika. Yeye alisema habari za kufilisika kila mtu anazo. Kila ukoo siku hizi una kijana aliyeuza pikipiki au aliyekula ada ya chuo. Alichotaka wakione ni kitu kingine: kwa nini yeye, fundi wa majokofu mwenye wateja wake na akili zake timamu, kila alipoona tangazo la kubeti alihisi linamsemesha yeye peke yake.

“Hesabu hazijawahi kunishinda, wadogo zangu,” alisema. “Napima gesi, napima umeme, natoa bei ya kazi kichwani. Ila hakuna aliyewahi kunionyesha hesabu ya tangazo imekaa upande gani.”

Ukumbi wenyewe ulikuwa banda umiza, mwenyewe kawaazima kabla ya mechi ya jioni. Kwenye mabenchi walikaa vijana 28, wengi wao bodaboda na mafundi, wachache wanafunzi. Ukutani, juu ya runinga, kulikuwa na bango la kampuni ya kubashiri ambalo hakuna aliyelitoa. Namba hiyo ya 28, kama tutakavyoona, ilimfaa kuliko alivyopanga, au pengine aliwahesabu mapema akachagua mfano unaowaenea. Sikumuuliza.

Alianza na swali jepesi: tangazo la kubeti linamsifia nani? Tangazo la sabuni linasifia sabuni, la soda linasifia soda. La kubeti linakusifia wewe. Linasema unaujua mpira, unazijua timu, unajua nani majeruhi na nani kasajiliwa dirisha dogo, sasa kwa nini ujuzi huo usikuingizie hela? Kwa kijana anayetumia jioni zake kubishana kijiweni kuhusu Simba na Yanga, hiyo ni sifa ambayo hakuna mtu mwingine amewahi kumpa. Mwajiri hamsifii, mzee nyumbani anamwona mzururaji. Anakuja mtu wa redioni mwenye sauti nzuri, au mchekeshaji anayempenda, anamwambia kwamba kile anachokijua kina thamani. Ndiyo maana matangazo haya yanawanasa zaidi vijana wa kiume, na ndiyo maana yanakaa pale mpira ulipo: kwenye jezi, pembeni mwa uwanja, katikati ya uchambuzi, ukutani mwa banda umiza. Mwaka 2017 kampuni moja, SportPesa, iliweka jina lake kwenye jezi za Simba na za Yanga kwa wakati mmoja. Mashabiki hawa wawili hawakubaliani hata juu ya saa, lakini jina kifuani likawa moja.

Kasoro ya sifa hiyo ni kwamba ujuzi wa mpira umeshalipiwa kabla hujafika. Odi, ile namba inayozidishwa na dau lako, inapangwa na watu na mitambo wanaojua majeruhi wote unaowajua wewe na wengine usiowajua. Mzungumzaji alichukua chaki akaandika odi za mechi ya kubuni: mwenyeji kushinda 2.10, sare 3.30, mgeni kushinda 3.40. Akawafundisha kitu ambacho, alisema, angekijua akiwa na miaka ishirini kingemsaidia kuliko mahubiri yote aliyowahi kupewa. Chukua mia, igawanye kwa kila odi. Mia kwa 2.10 ni 47.6. Mia kwa 3.30 ni 30.3. Mia kwa 3.40 ni 29.4. Jumlisha.

Kijana mmoja aliyekuwa na simu mkononi akasoma: 107.3.

Mechi ina matokeo matatu tu, na nafasi zake zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi mia. Hiyo 7.3 iliyozidi ndiyo fungu la kampuni. Haina ubaya wa siri. Kila duka lina faida yake, na mtu anayeweka dau kwenye mechi moja kwa odi hizi, akicheza miaka, atarudishiwa wastani wa shilingi 93 kwa kila 100. Ni hasara, ila ni hasara ya polepole. Angekuwa anapoteza saba tu katika kila mia, mzungumzaji alisema, asingekuwa amesimama pale.

Basi ile hasara kubwa inatoka wapi? Inatoka kwenye mkeka, pale timu kadhaa zinapochezwa kwa dau moja, odi zake zikazidishwa pamoja, na hulipwi mpaka zote ziingie. Hapa ndipo tangazo linapofanya kazi yake halisi.

Hakuna tangazo linalokwambia ucheze timu moja. Sikiliza redio wiki nzima, pitia meseji zote: kila mahali ni timu nyingi kwa dau dogo. Weka buku upate mamilioni. Jero tu. Udogo wa dau unafanya mtu ajione mwangalifu, na ukubwa wa malipo unafanya timu kumi zionekane kama njia ya mkato. Lakini lile fungu la kampuni halichukuliwi mara moja kwa mkeka mzima. Linachukuliwa kwa kila timu, juu ya kile kilichobaki baada ya timu iliyotangulia. Timu ya kwanza inakuachia 93 katika mia, ya pili inakuachia 93 kwa mia ya hizo 93, na kuendelea. Ukifika timu ya kumi, kilichobaki kwa wastani ni shilingi 49. Kampuni imechukua zaidi ya nusu, bila kubadilisha odi hata moja.

Kusema hivyo hakukuwatikisa. Nusu ni namba tu. Kwa hiyo akawageuza wao wenyewe kuwa mfano, na hii ndiyo sehemu ya mazungumzo ninayoona inafaa kuandikwa kwa urefu.

Aliwaambia: tuseme Jumamosi hii nyote 28 mmecheza mkeka wa timu kumi, kila mmoja na timu zake, kila timu ina odi ya 1.30, zile timu kubwa mnazoziita za uhakika. Kila mmoja kaweka 1,000. Kampuni imepokea 28,000. Odi ya 1.30 kwa haraka inaonekana kama timu itashinda mara 77 katika mia, lakini ukitoa fungu la kampuni unabaki na kama 71.7. Timu moja yenye nafasi hiyo si mbaya. Kumi kwa pamoja ni jambo jingine: zote kumi zitafanya ulichotaka mara moja kati ya mikeka 28.

Kwa hiyo, kwa wastani, humu ndani atashinda mtu mmoja. Akamnyooshea kidole kijana wa benchi la mbele, akamwambia asimame. Huyu atalipwa 13,786 kabla ya kodi ya ushindi. Watu wakapiga makofi, na yeye akawaacha wamalize.

Kisha akasimamisha wanne. Hawa, alisema, timu tisa zimeingia na moja imewachania. Akasimamisha saba wengine: hawa wamechaniwa na timu mbili. Kumi na sita waliobaki wakaambiwa wakae tu, mikeka yao ilikufa mapema. Kampuni imempa mshindi 13,786 na imebaki na zaidi ya 14,000.

“Sasa nyie wanne,” aliwauliza waliokosa timu moja, “mnajisikiaje?”

Mmoja akajibu bila kufikiri: “Nimekaribia kaka. Wiki ijayo nakula.”

Jibu hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Kwenye mkeka wa namna hii, kwa kila anayeshinda kuna karibu wanne waliokosa timu moja. Haitegemei bahati wala ujuzi wao. Ni jinsi mkeka wa timu kumi ulivyoumbwa. Ukiujaza kwa kutumia timu za uhakika, mara nyingi utakaribia kuliko kushinda, na utaendelea kukaribia vilevile mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Mtu anayejifunza kushona anapokosea kidogo, kukosea kidogo kunamwambia kitu: mkono wake unazoea. Kwenye mkeka, kukosa timu moja hakukwambii lolote kuhusu wiki ijayo. Timu iliyokuchania haikukujua, na mechi za Jumamosi ijayo zinaanza upya zikiwa na nafasi ileile ya 1 kwa 28.

Ila mwili haujui hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti ambamo watu walicheza mchezo wa mashine ya picha zinazozunguka huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipokosa kidogo tu, ziliamka sehemu zilezile za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda. Wachezaji walisema kukosa kidogo hakufurahishi, na papo hapo kuliwaongezea hamu ya kuendelea. Mzungumzaji hakuutaja utafiti huo. Nauweka hapa mimi, kwa sababu unaeleza kwa nini kijana yule alijibu haraka vile. Hakuwa mjinga. Alikuwa amehisi kitu kinachofanana na ushindi, na kwa hasara ya buku moja akakiona rahisi.

Sasa tuyarudishe matangazo mezani. Kampuni inajua kwamba mkeka mrefu unazalisha wengi waliokaribia, na inajua mkeka mrefu unaiachia fungu kubwa. Ndiyo maana kivutio kinachotangazwa kuliko vyote ni nyongeza ya timu nyingi: jaza timu tano upate nyongeza kidogo, jaza kumi upate kubwa zaidi, jaza ishirini ndoto zako zitimie. Kijana anasoma hapo ukarimu. Mzungumzaji akawarudisha wale 28 kwenye mabenchi na kurudia hesabu. Tuseme kampuni inaongeza asilimia 30 kwa mkeka wa timu kumi. Mshindi wetu mmoja sasa anapata 17,922 badala ya 13,786. Kampuni inabaki na kama 10,000 katika zile 28,000.

Halafu akauliza: je, wote 28 mngeweka ile buku kwenye timu moja tu ya 1.30, bila nyongeza yoyote? Hapo wangeshinda kama watu 20, kila mmoja akarudi na 1,300, na kampuni ingebaki na kama 2,000 tu. Nyongeza ya asilimia 30, ambayo inaonekana kama kampuni inatoa hela, inawahamisha vijana kutoka mchezo ambao kampuni inavuna 2,000 kwenda mchezo ambao inavuna 10,000. Kwenye banda palikuwa na kelele kidogo hapo. Kijana mmoja alitaka kuandika upya hesabu ubaoni mwenyewe, akaandika, ikatoka vilevile.

Nilipenda sehemu hii, lakini kuna mahali sikubaliani na mzungumzaji. Yeye alirudia mara kadhaa kwamba matangazo haya ni ya uongo. Kwa maoni yangu shida ni kubwa zaidi: mengi yake ni ya kweli. Nyongeza ipo na italipwa. Mshindi aliyesomwa redioni yupo, na picha yake akiwa na hundi kubwa ya maboksi ni yake. Uongo ungekuwa rahisi kushtakiwa. Tangazo linachagua ukweli mmoja kati ya ishirini na nane, linauwekea muziki, na kuwaacha wengine kwenye mabenchi.

Mshindi wa redioni anafanya kazi hiyo hasa. Jina, mtaa, kazi yake: muuza mitumba wa mahali fulani, dereva wa mahali fulani. Lengo ni uone mtu anayefanana nawe. Kwenye jakpoti ya mechi 13, ambapo kila mechi ina matokeo matatu, kuna namna 1,594,323 za kujaza mkeka, na moja tu ndiyo sahihi. Hata ukiwa mjuzi wa kupatia nusu ya mechi zote unazotabiri, na hiyo ni kazi kubwa, nafasi yako ni 1 kwa 8,192. Mshindi lazima apatikane siku moja kwa sababu wachezaji ni wengi mno, na akipatikana atasikika wiki nzima. Anayesikiliza hawezi kuhesabu watu ambao hawakutajwa.

Kuhusu meseji alikuwa na mengi, kwa sababu meseji ndizo zilizomrudisha yeye. Alikuwa ameacha. Siku moja ya Ijumaa, simu ikaingia ujumbe ukimtaja kwa jina: tumekukumbuka, tumekuwekea dau la bure kwenye akaunti yako, linaisha kesho usiku. Hakulipa kitu. Aliingia tu kulitumia, ikachana, kwa timu moja, na usiku uleule akaweka hela yake. Kampuni hiyo hakuitaja, na mimi siitaji.

Alieleza meseji ile ilivyomfikia. Unapojisajili, namba yako ya simu ndiyo akaunti yako, na ndiyo hiyohiyo unayotumia kuweka na kutoa hela kwa simu. Kampuni inaona siku gani unaweka, saa ngapi, kiasi gani, na lini umekaa kimya. Mtu aliyekuwa akicheza kila wiki akinyamaza, huhitaji mchawi kujua kwamba anajaribu kuacha. Ujumbe wa kumrudisha unatumwa na mtambo uliopangwa kutazama siku za ukimya. Na hautumwi Jumatatu asubuhi. Unakuja kuelekea wikiendi, ligi zinapoanza, au tarehe za mshahara. Kwa nje unafanana na zawadi ya rafiki aliyekukosa.

Masharti yake huwa madogo kwa maandishi na makubwa kwa kazi. Chukua bonasi ya shilingi 5,000 ambayo huwezi kuitoa mpaka uizungushe mara tano, tena kwa mikeka isiyopungua timu tatu. Mara tano ni kucheza dau la jumla la 25,000. Kwa mikeka ya timu tatu, lile fungu la kampuni likijirudia kwa kila timu, unapoteza wastani wa kama shilingi 19 katika kila mia. Kwenye 25,000 hiyo ni karibu 4,800. Bonasi ya elfu tano imekuachia mia mbili na tabia ya kucheza mara nyingi. Kabla ya kukubali bonasi yoyote, alisema, tafuta maneno mawili: izungushwe mara ngapi, na kwa timu ngapi. Usipoyaona, rudi usome tena, yapo.

Kuna tangazo jingine ambalo vijana hawalihesabu kuwa tangazo, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote. Ni yule jamaa wa kundi la WhatsApp au Telegramu anayetuma “odi za uhakika” kila asubuhi, pamoja na namba ya mkeka unayoibandika tu na kucheza. Wengi wanamwona kama mwenzao. Mzungumzaji alieleza kwamba kampuni nyingi zina utaratibu wa mawakala wa mtandaoni: mtu anapewa kiungo chake, na kila anayejisajili kupitia hapo anahesabiwa kuwa wake. Analipwa kwa kichwa, au analipwa sehemu ya mapato ambayo kampuni inapata kutoka kwa watu wake. Mapato ya kampuni ni hasara ya mchezaji. Maana yake ni kwamba yule anayekutumia timu za uhakika anaweza kuwa analipwa zaidi kadiri unavyochaniwa.

Hata asiye wakala ana mbinu ya kuonekana mjuzi. Anafungua makundi manne, kila moja linapewa mkeka tofauti. Jumapili mmoja ukiingia, picha ya ushindi inarushwa kwenye makundi yote manne na mikeka mitatu iliyokufa inafutwa. Anayemfuata kwenye kundi lililoshinda anamwona nabii, na kesho yake analipishwa ada ya kuingia kundi la watu maalumu. Ukitaka kumpima, mzungumzaji alisema, usimwombe picha za ushindi. Andika mwenyewe mikeka yake yote aliyotuma kabla ya mechi, kwa mwezi mzima, iliyoingia na iliyochanika, halafu jumlisha hela.

Hapo ndipo kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akainua mkono. Alisema mambo yote hayo ni sawa, lakini yeye ameshawahi kuchukua laki tatu, na aliitoa yote akanunua simu anayoitumia mpaka leo. “Kaka, hiyo simu si ya tangazo. Ni hii hapa.”

Mzungumzaji hakubishana naye. Alimwomba aombe taarifa ya miamala ya akaunti yake ya simu, ya miezi sita, kisha achukue kalamu na ajumlishe vitu viwili tu: hela zote zilizokwenda kwa kampuni na hela zote zilizorudi. Asihesabu laki tatu peke yake. Alisema kumbukumbu ya mchezaji inafanya kazi kama tangazo lenyewe, inaweka picha ya siku ile na kufuta Jumamosi nyingine zote, kwa hiyo usiiulize kumbukumbu, uliza karatasi. Yule dereva alisema ataomba. Kama aliomba sijui, na si kazi yangu kumfuatilia.

Aliulizwa pia kwa nini serikali haipigi marufuku. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na mchezo huu ni halali kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Majirani Kenya wamejaribu kubana matangazo zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 bodi yao ilitangaza masharti ya kuzuia mabango ya barabarani, matangazo ya mchana kwenye vyombo vya habari na watu mashuhuri kutumika kuyasifia. Masharti hayo yakaishia kwenye mvutano mahakamani. Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Uingereza, ambako ndiko zinakotoka mechi nyingi zinazojaa kwenye mikeka yetu, vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana Aprili 2023 kuondoa majina ya kampuni za kubashiri kifuani mwa jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Mikononi mwa jezi na pembeni mwa uwanja hayajaguswa.

Hatua hizi zote zinalenga tangazo linaloonekana na kila mtu. Bango linaweza kuteremshwa na kipindi kinaweza kufungiwa. Meseji inayokwenda kwa mtu mmoja aliyeacha wiki kadhaa, na jamaa wa Telegramu mwenye kiungo chake, ni vigumu kuviona kutoka ofisini. Kwa hilo ushauri wa mzungumzaji ulikuwa wa vitendo: andikia kampuni ikufungie akaunti na kuondoa namba yako kwenye orodha ya meseji, hifadhi majibu yao, toka kwenye makundi ya odi, na namba zinazoendelea kutuma zifungie kwenye simu. Alikiri kwamba njia hiyo ina tundu, kwa sababu kufungiwa na kampuni moja hakukufungii kwa nyingine, na kujisajili upya kunachukua dakika chache. Kwake yeye kilichosaidia zaidi kilikuwa kumpa mkewe simu yenye hela na kubaki na ya kitochi.

Muda ulikuwa umekwisha na mwenye banda anataka viti vyake, mwenyekiti wa kikundi akatoa jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Timu yao inajiandaa na ndondo la mtaa, na wakala wa kubeti wa jirani ameahidi seti nzima ya jezi, viatu kwa wachezaji kumi na moja, na mipira miwili, sharti likiwa jina la duka lake kifuani. Bila yeye watacheza na fulana za kuchangishana. Wakamgeukia mgeni wao.

Alifikiri kidogo, akasema hawezi kuwaambia wakatae viatu wakati yeye hana viatu vya kuwapa. Ila aliwaomba wahesabu ni watoto wangapi wa shule wanaosimama pembeni mwa kiwanja chao kila jioni, na waamue kama jezi hiyo ni ya kumi na moja au ni ya wote hao. Mabishano yakaanza pale pale, beki mmoja akisema mguu wake hauwezi kusubiri, katibu akitaka kwanza wamfuate diwani. Kura iliahirishwa mpaka kikao cha Jumatano.